Nilivyotenganisha kinachomsukuma mtu kijijini na kinachomvuta mjini

Kila anayetaka kujua kwa nini watu wanahamia mjini hupewa ushauri uleule: chora safu mbili. Kushoto andika ukame, uhaba wa ardhi na bei mbovu ya mazao. Kulia andika ajira, shule, hospitali na umeme. Safu hizo zimenichosha. Hazielezi kwa nini katika nyumba moja yenye ndugu watatu mmoja ameondoka na wawili wamebaki, ilhali ukame umewapiga wote.

Ushauri wa pili ni mbaya zaidi: eti muulize mhamiaji, "Kwa nini ulihama?" Nililiweka swali hilo kwenye dodoso, na majibu yakaja kama yamepigwa chapa: kutafuta maisha, kutafuta kazi, kutafuta maisha tena. Ukurasa baada ya ukurasa! Hakuna aliyedanganya. Ila jibu hilo linamfaa aliyefukuzwa na njaa sawasawa na aliyeitwa na binamu mwenye duka, kwa hiyo halitenganishi chochote.

Kilichonisaidia ni kuliacha neno "kwa nini" na kufuata safari yenyewe. Kwanza nauliza kwa nini aliondoka mwaka ule na si mwaka uliotangulia. Kisha nauli ilitoka wapi, usiku wa kwanza alilala kwa nani, na nyumbani nani alibaki na shamba. Swali la nauli ndilo dhahabu. Aliyekopa au kuuza mfugo wa mwisho baada ya mavuno kuharibika amesukumwa. Aliyetumiwa nauli na jamaa aliyekwisha kumwona mwajiri amevutwa. Halafu kuna yule aliyechangiwa na familia nzima na sasa anatarajiwa kurudisha fedha kila mwezi. Huyo haingii safu yoyote: familia imegawa hatari, mmoja mjini na wengine shambani, ili mvua ikigoma wasikwame wote. Tarehe zikipotea, nazifunga kwenye jambo lisilosahaulika, kama kuzaliwa kwa mtoto.

Kwa upande wa mvuto, watu hulinganisha mshahara wa mjini na kipato cha shamba, kisha wanashangaa kwamba vijana wanaendelea kwenda mji uliojaa wasio na kazi. Hapo natumia hesabu ya wanauchumi John Harris na Michael Todaro ya mwaka 1970. Anayehama hapimi mshahara peke yake, anapima mshahara mara uwezekano wa kuupata. Tuseme kijijini mtu anapata 120, mjini mshahara ni 200, na nafasi za kazi ni 60,000. Watu watamiminika hadi uwezekano ufike 0.6, maana 200 mara 0.6 ni 120, na hapo kuhama hakuna faida tena. Nafasi 60,000 ukigawanya kwa 0.6 unapata watu 100,000 mjini, 40,000 kati yao wakiwa hawana kazi.

Sasa serikali iongeze nafasi 6,000. Zinakuwa 66,000, gawanya kwa 0.6, unapata watu 110,000. Wasio na kazi wamefika 44,000. Ajira zimeongezeka na ukosefu wa kazi umeongezeka pamoja nazo! Anayepanga mji bila kugusa ile 120 ya kijijini anajiongezea foleni.

Hesabu hii ina mipaka. Inachukulia kazi kama bahati nasibu ambayo kila mmoja ana tiketi sawa, wakati mwenye jamaa kiwandani ana tiketi kumi. Pia anayeuza barabarani huku akisubiri ajira ana kipato fulani, kwa hiyo si haki kumhesabia sifuri.

Kubwa zaidi, inasahau kwamba umaskini unaomsukuma mtu ndio huohuo unaomfunga miguu. Katika eneo la Rangpur, kaskazini mwa Bangladesh, kila mwaka huja msimu wa njaa uitwao monga kabla ya mavuno ya mpunga. Mwaka 2008 watafiti walizipa baadhi ya kaya takriban dola 8.50, kiasi cha kutosha nauli ya basi, kwa sharti mtu mmoja aende kutafuta kibarua. Asilimia 22 ya kaya zilizopewa zilituma mtu ambaye vinginevyo asingeondoka. Msukumo ulikuwepo na mvuto ulikuwepo. Kilichokosekana ni nauli, na ujasiri wa kuihatarisha wakati chakula ni cha kubahatisha.

Ndiyo maana siku hizi dodoso langu halifanyiki mjini tu, ambako utawakuta waliofika na kubaki, si walioshindwa na kurudi. Naenda pia kwa waliobaki kijijini na kuwauliza: ungepewa nauli leo, ungeondoka? Anayesema ndiyo na anayesema hapana wote wapo shambani, lakini wa kwanza amekwama na wa pili amechagua.