Nywila nilibadilisha, barua zikaendelea kutoka

Mzee anayenunua asali yetu Dar alinipigia Jumatano saa nne asubuhi, nikiwa Isevya, hapa Tabora, napima ndoo. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza, "Binti yangu, mbona akaunti ya benki mmebadilisha mzigo ukiwa njiani? Nimekuandikia mara mbili kuuliza, kimya."

Hatukuwa tumebadilisha akaunti, na barua pepe zake sikuziona. Nilimwomba asilipe chochote, kisha anisomee barua aliyopokea. Ilitoka kwenye anwani inayofanana na yangu, ila imeongezwa herufi moja katikati. Kilichonitoa jasho ni kwamba ilitaja ndoo 20 za shilingi 180,000, jumla 3,600,000, na ikasema mzigo unapakiwa Ijumaa. Ankara hiyo niliituma siku 5 tu kabla.

Siku 22 nyuma nilikuwa nimeingia mtegoni. Ilikuja barua ya kwamba nafasi yangu ya kuhifadhi barua imejaa, nikabonyeza kiungo, nikaandika nywila. Saa chache baadaye simu ikanionya kuwa kuna mtu ameingia kwenye Gmail yangu kutoka kifaa nisichokijua. Usiku huohuo nikabadilisha nywila na kulala nikiamini yamekwisha. Sasa huyu aliisomaje ankara iliyoandikwa wiki mbili na zaidi baada ya kufungiwa nje?

Nikaenda kwa kijana mwenye steshenari karibu na sokoni, ambaye huwa ananichapia lebo za chupa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, mwizi umemtoa, lakini ameacha bomba linavuja. Umeangalia vichujio?" Nikamwonyesha simu. Akacheka kidogo: vichujio ni maagizo unayoipa Gmail ya nini ifanye na barua zinazoingia, na programu ya Gmail ya kwenye simu haivionyeshi. Lazima ufungue Gmail kwenye kivinjari cha kompyuta.

Tukabonyeza alama ya gurudumu juu kulia, kisha `See all settings`. Mimi nilikimbilia sehemu ya `Forwarding and POP/IMAP`, nikakuta pamechaguliwa `Disable forwarding`. Nikashusha pumzi. Kijana akaniambia nisome vizuri. Kwenye kile kisanduku cha kuchagua anwani ya kupelekea barua kulikuwa na anwani moja ambayo sikuiweka mimi. Maana yake ni hii: mtu anaweza kusajili anwani yake pale, akaithibitisha, halafu akaacha usambazaji wa jumla umezimwa. Ukurasa unaonekana safi, lakini kichujio chochote kinaweza kuitumia anwani ile. Gmail huweka tangazo juu ya kikasha kwa wiki ya kwanza kukwambia kwamba barua zako zinapelekwa kwingine. Mimi barua nasoma kwa simu, kompyuta sikuifungua wiki ile, na tangazo likapita bila kuliona.

Tukahamia `Filters and Blocked Addresses`. Kichujio changu ni kimoja, cha taarifa za benki. Hapo tulikuta vinne.

Cha kwanza kati ya vile vigeni kilihusu anwani ya mzee wa Dar: kila barua yake iruke kikasha, iwekwe alama ya kusomwa, kisha nakala ipelekwe kwa mwizi. Ndiyo sababu maswali yake mawili sikuyaona. Yalikuwa ndani ya `All Mail`, yamelala kama yamekwishasomwa. Cha pili kilisaka maneno malipo, ankara na akaunti, kikapeleka nakala tu bila kuficha kitu. Hiki ndicho nilichokiogopa zaidi, kwa sababu kwangu hakikuacha dalili yoyote: barua inafika, naisoma, najibu. Cha tatu kilifuta kila barua kutoka `no-reply@accounts.google.com`. Nikakumbuka kwamba nilipobadilisha nywila, taarifa ya kuthibitisha haikuingia kikashani. Tuliikuta kwenye `Trash`, ambako barua hukaa siku 30 tu kabla ya kufutika. Tulikuwa tumebakiwa na siku 8.

Bado swali la ankara lilinikereketa. Vichujio vya Gmail hushika barua zinazoingia, na ankara niliituma mimi. Jibu tulilipata tulipoifungua barua ya mhasibu wa mzee: aliandika neno moja tu, "Tumepokea", na chini yake, kama kawaida ya majibu, maandishi yangu yote yakawa yamenukuliwa pamoja na bei na siku ya kupakia. Mwizi alisubiri jibu limletee.

Mkono wangu ulikuwa tayari kufuta. Kijana akanizuia tena, na hapa namshukuru sana. Kwanza tulipiga picha ya ukurasa. Kisha tukaweka tiki kwenye vile vichujio vitatu, tukabonyeza `Export` chini, tukapata faili la `mailFilters.xml`. Ndani yake kila kichujio kimeandikwa wazi. Cha mzee kilikuwa hivi, anwani nimezibadilisha:

```
<apps:property name='from' value='mnunuzi@example.com'/>
<apps:property name='forwardTo' value='mwizi@example.com'/>
<apps:property name='shouldArchive' value='true'/>
<apps:property name='shouldMarkAsRead' value='true'/>
```

Faili hilo na picha ndivyo nilivyopeleka polisi na benki. Ukifuta kwanza, unabaki na maneno ya mdomo.

Kabla ya kufuta tuliangalia pia kama mtu bado yumo ndani, maana angeweza kuviunda upya jioni. Chini kulia ya kikasha kuna neno `Details` linaloonyesha walioingia karibuni, na kwenye akaunti ya Google kuna orodha ya vifaa na ya programu zilizopewa ruhusa. Vifaa vilikuwa vyangu tu, na programu ngeni haikuwepo. Hata hivyo nilibadilisha nywila tena na kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili. Ndipo tukafuta vichujio, na baada yake tukaiondoa ile anwani kwenye kisanduku cha usambazaji. Watu wengi huisahau hiyo ya mwisho. Mwisho tukapita `Accounts and Import`, tukahakikisha hakuna mtu aliyepewa ruhusa ya kusoma akaunti yangu, na kwamba sehemu ya anwani ya kujibiwa iko tupu.

Kujaribu, nilimwomba mzee atume barua yenye neno malipo. Ikaingia kikashani kwa herufi nzito, haijasomwa. Jaribio hilo lilinithibitishia kwamba hakuna kinachoficha barua zake tena. Kuhusu nakala halisemi kitu, kwa hiyo orodha ya vichujio naifungua mwenyewe kila mwisho wa mwezi ninapofunga hesabu.

Zilizokwisha kwenda hazirudi. Jioni ile nilikaa natafuta `in:anywhere from:` na anwani ya mzee, kisha yale maneno matatu, moja moja, nikiandika daftarini nini kimeonekana: ankara 4, namba yetu ya akaunti, na nakala ya kitambulisho cha mshirika wangu wa Sikonge. Huyo ilibidi nimpigie simu usiku uleule, na hakufurahi.

Katika barua za mzee zilizofichwa kulikuwa na moja ya wiki mbili nyuma, akiuliza kama tunaweza kumwongezea ndoo 10. Nilimjibu siku hiyo. Akasema alikwishanunua kwingine.