Tuzo ya karakana yetu ya ushonaji na watu wanaostahili shukrani

Juma lililopita karakana yetu ndogo ya kushona sare na nguo za kazi ilipewa tuzo ya biashara ndogo bora katika eneo letu. Cheti kimeandikwa jina langu peke yangu, na kwa sababu hiyo naona ni wajibu wangu kueleza kazi iliyosifiwa ilitoka kwa nani. Waamuzi walisema kilichowavutia ni kwamba sare tunazoshona hubaki na vipimo vyake baada ya kufuliwa. Utaratibu unaoleta matokeo hayo sikuubuni mimi, nami ninawafahamu vizuri walionipa kila sehemu yake.

Wa kwanza ni mzee fundi niliyejifunza kwake kukata kitambaa. Alikuwa hakubali mkasi uguse kitambaa kipya kabla hakijafanyiwa jaribio la maji, nasi tunafuata utaratibu huo hadi leo. Tunakata kipande kutoka katikati ya kitambaa, mbali na kingo, kisha tunachora juu yake mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwa kalamu ya wino usiotoka, na kuweka mshale unaoonyesha upande wa urefu. Kipande hicho kinafuliwa kama mteja atakavyofua nguo yake: kama atatumia maji ya moto, nasi tunatumia ya moto. Kikishakauka na kupigwa pasi bila kuvutwa, tunapima mraba upya.

Chukueni kitambaa cha pamba cha oda moja ya suruali za kazi. Baada ya kufuliwa, upande wa urefu ulisoma sentimita 48 na upande wa upana 49.5, maana yake kitambaa kilirudi kwa asilimia 4 kwa urefu na asilimia 1 tu kwa upana. Tofauti hiyo ni ya kawaida, kwa kuwa nyuzi za urefu huvutwa kwa nguvu kitambaa kinapofumwa na kinapomaliziwa kiwandani, na zinapolowa hupata nafasi ya kurudi. Suruali iliyotakiwa kuwa na urefu wa sentimita 104 ilibidi ikatwe kwa sentimita 108.3, yaani 104 kugawanywa kwa 0.96. Aliyekata kwa 104 angekabidhi suruali nzuri siku ya kwanza, na baada ya kufuliwa ingepanda juu ya kifundo cha mguu kwa zaidi ya sentimita 4. Mzee alitufundisha pia kutoridhika na ufuaji mmoja, kwa sababu vitambaa vingine huendelea kurudi katika ufuaji wa pili na wa tatu. Tunarudia mpaka vipimo viwili vinavyofuatana vilingane.

Jaribio hilo, hata hivyo, lina mpaka wake, na aliyetuonyesha mpaka huo ni dada anayekata nguo katika karakana yetu. Ndiye aliyegundua kuwa mraba wa kitambaa pekee hautoshi, kwa sababu nguo ina vitu vingine visivyorudi pamoja nacho. Utepe wa zipu haurudi kama pamba. Kitambaa kikirudi huku zipu imebaki na urefu wake, mbele ya suruali hupata mawimbi ambayo pasi haiwezi kuyaondoa. Kwenye kola hali huwa mbaya zaidi. Kile kitambaa cha gundi kinachobandikwa ndani ili kola isimame kikirudi kwa kiasi tofauti na kitambaa cha juu, kola hutoka malengelenge, na mteja hudhani tulitumia gundi mbovu. Tangu dada alipolisema hilo, tunashona kipande kidogo chenye zipu na kola moja iliyobandikwa kitambaa hicho cha gundi, tunavifua pamoja na mraba, na yeye ndiye mwenye neno la mwisho kama oda itakatwa au itasubiri. Zipo siku nilitamani aseme ndiyo naye akasema hapana. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na sehemu kubwa ya cheti hiki ni ya hizo hapana zake.

Namshukuru pia mteja mmoja ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kujisumbua kwa ajili yetu. Tulimwomba aturuhusu kupima sare za wafanyakazi wake zikiwa zimetumika kwa miezi kadhaa, naye akazikusanya mwenyewe, zikiwa zimefuliwa na kukunjwa, pamoja na karatasi inayoonyesha zipi zilifuliwa kwa mkono na zipi kwa mashine. Bila vipimo hivyo tungekuwa na jaribio la karakanani tu, na hakuna mwamuzi ambaye angekuwa na sababu ya kutuamini.

Upande wa hesabu, shukrani zangu ni kwa mama mmoja mhasibu mstaafu, ambaye alikuja kushonesha gauni akaondoka na daftari langu la mauzo ili alisahihishe. Aliniambia kuwa malipo ya awali ya mteja bado si mapato. Ni deni mpaka nguo ikabidhiwe. Basi kila oda ina ukurasa wake, na fedha zake za awali hununua kitambaa, uzi, zipu na vifungo vya oda hiyo tu. Mwisho wa juma tunajumlisha malipo ya awali ya oda zote ambazo hazijakabidhiwa, tunatoa thamani ya vifaa vilivyokwisha kununuliwa kwa ajili yake, na kinachobaki lazima kiwepo kwenye kisanduku au benki. Kikipungua, maana yake oda ya leo inalipia ya jana. Waamuzi walipouliza kuhusu hesabu, ukurasa huo mmoja ndio walioutazama kwa muda mrefu kuliko yote.

Yupo jirani mwenye karakana kama yetu, ambaye kwa macho ya biashara ni mshindani wangu. Cherehani yetu ya ovaloki ilipoharibika katikati ya oda, alituachia yake kila jioni baada ya kufunga kazi zake, wala hakuchukua malipo, ila alitaka tuisafishe vumbi la nyuzi na kuitia mafuta kabla ya kuirudisha. Naye alikuwa ameomba tuzo hii hii. Siku ya matokeo ndiye aliyenipigia simu ya kwanza, na sijui kama ningekuwa mimi ningekuwa mwepesi hivyo.

Mdogo wangu ndiye aliyeniandalia maombi. Nilikuwa nimeandika sentensi nyingi za kusifu ubora wetu. Akazifuta karibu zote, akaweka nakala za daftari la majaribio, vile vipande vya mraba vikiwa vimebanwa kwenye kurasa zake. Kila nilipolalamika aliniuliza jambo moja tu: mwamuzi atalithibitishaje?

Fedha za tuzo tumekubaliana kununulia mashine ya kufulia, maana hadi sasa majaribio yote yanafuliwa kwa mikono na dada mkataji na wenzake, wakati mwingine baada ya saa za kazi. Kwa wateja ambao wamekuwa wakisubiri siku mbili au tatu zaidi ili kitambaa kifuliwe na kukauka kabla ya kukatwa, ahsanteni kwa kutuvumilia. Kusubiri huko kutaendelea hata baada ya mashine kufika, kwa kuwa itafua haraka, lakini kitambaa bado kitahitaji muda wake wa kukauka.