Damu ya mdogo wangu

Jamani leo nimetoka kliniki na mdogo wangu, mimba ya miezi saba, bado natetemeka.

Wiki mbili analalamika kuchoka, akipanda ngazi anahema, na mimi namwambia ndo mimba hiyo mdogo wangu, vumilia.

Nesi hata hajamaliza kumsikiliza. Kamvuta kope la chini taratibu, akaangalia ile nyama ya ndani. Inatakiwa iwe nyekundu, yake ilikuwa nyeupe kama imeoshwa. Akataka kuona kucha, zina rangi ya saluni, hakuna kinachoonekana. Basi akamwambia fungua kiganja, akaweka na chake pembeni.

Hapo ndo nilipoishiwa nguvu. Wote weusi tii, lakini kiganja cha nesi kina wekundu, cha mdogo wangu kimepauka mpaka kwenye ile mistari.

Kipimo cha damu kikasoma 6.4, wakati mjamzito anatakiwa awe na 11 kwenda juu, chini ya 7 ni upungufu mkali. Wamemlaza, wanamcheki malaria na minyoo.

Nikamuuliza nesi kwa hiyo kope likiwa jekundu ndo tupo salama? Akasema hapana dada, damu ikipungua kidogo tu huwezi kujua kwa kumwangalia mtu, ndo maana lazima kupima.

Nimekaa naye wiki mbili nyumba moja, tunakula sahani moja, sikuwahi kuangalia mkono wake.

Nani kapitia hii na mjamzito? Mliongezewa damu au vidonge vilitosha?