Mtoto mwenye disleksia na mtihani wa GCSE: tulivyopata msomaji na muda wa ziada

Wazazi wenzangu mlioko Uingereza, hili limetuchosha, lakini limeisha. Binti yetu ana disleksia. Tulilipia ripoti ya mtaalamu wa nje, shule ikasema haitoshi. Barua ya daktari nayo haikusogeza kitu.

Kilichofanya kazi ni kuanzia kwa mwalimu mratibu wa mahitaji maalumu. Kanuni za JCQ, muungano wa bodi za mitihani, zinataka yeye ajaze kwanza sehemu yake ya Fomu 8, fomu ya kueleza mahitaji ya mtahiniwa, akionyesha shida ilivyo darasani, kisha mpimaji anayetambuliwa na shule ndiye apime. Walimu waliandika kwamba kwenye majaribio humalizia majibu kengele ikishalia. Alama zake za kasi ya kusoma na ya kuchakata zilikuwa chini ya 85, kwenye kipimo ambacho wastani ni 100, akapata muda wa ziada wa asilimia 25. Karatasi ya dakika 105 inaongezeka dakika 26 hivi.

Msomaji, yaani mtu wa kumsomea maswali, ndiye aliyetutatiza. Kwenye sehemu ya Kiingereza inayopima kusoma, mtu haruhusiwi kumsomea mtahiniwa. Programu ya kompyuta inayosoma kwa sauti inaruhusiwa! Basi tuliomba aitumie hiyo kwenye masomo yote, na aanze mapema kwenye majaribio ya shule, kwa sababu wanachoangalia ni kama ndiyo njia yake ya kawaida. Chumba cha peke yake kikafuata, maana anapenda kurudia sentensi kwa sauti na angewasumbua wenzake.