Ninavyorekodi dereva akizungumza gari likiwa mwendoni

Kamera huwa naifunga gari likiwa limesimama, na ikishafungwa haiguswi tena mpaka tuegeshe. Dereva haibonyezi hata mara moja. Mimi hukaa kiti cha nyuma, mkanda umefungwa.

Natumia stendi yenye kikombe cha mpira kinachonata kwenye kioo cha mbele, kwenye pembe ya chini upande wa abiria. Hapo lenzi inamwona dereva kwa mshazari, na yeye hazibiwi barabara wala kioo cha pembeni. Kioo nakifuta kwa spiriti na kukikausha, maana vumbi au mafuta kidogo tu huingiza hewa, na jua likipasha moto kikombe huachia. Kwa hiyo kamba fupi hutoka kwenye kamera hadi kwenye nguzo ya kiti cha abiria, ambacho hukaa kitupu. Kifuniko cha eabegi kwenye dashibodi nakiacha wazi kabisa: ikilipuka, chochote kilicho mbele yake hurushwa ndani kwa nguvu.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba kamera ikishafungwa imara, kiimarishaji picha cha kielektroniki nakizima. Vihisi vyake havijui kuwa kamera imeshikamana na gari. Gari likikata kona, vinadhani mkono umeyumba, basi vinavuta fremu upande wa pili, na dereva anaonekana akielea na kiti chake kisha anarudi kwa mkupuo. Mtetemo uliobaki unatokana na shingo ndefu ya stendi, kwa hiyo naifupisha na kutumia lenzi pana, ambayo haikuzi mtikisiko. Fokasi na mwangaza navifunga kwenye uso wa dereva, la sivyo kila kivuli cha mti kitaubadilisha uso wake.

Mng'ao husumbua kwenye dirisha lililo nyuma ya kichwa chake. Nje kukiwa na mwanga mkali hauonekani, ila tukipita penye giza, shati langu jeupe linajitokeza kiooni. Navaa nyeusi na kuzima skrini ya kamera. Kichujio cha polaraiza kinasaidia, lakini kinakula mwanga, na madirisha ya pembeni, kwa kuwa ni kioo kilichokazwa kwa joto, huweza kuonyesha madoa ya rangi kupitia kichujio hicho. Yakitokea, nakivua.

Sauti siitegemei kamera, kwani iko karibu na feni kuliko mdomo wa dereva. Nabana maikrofoni ndogo kwenye nguo yake, kama sentimita 20 chini ya kidevu, mahali ambapo mkanda hauikwaruzi. Madirisha yanafungwa na feni inazimwa wakati wa kurekodi. Joto likizidi tunaegesha na kuiwasha. Ngurumo ya injini na matairi iko zaidi kwenye besi, kwa hiyo wakati wa kuhariri nakata masafa yaliyo chini ya hezi 80. Nikipandisha zaidi ya hapo, sauti nzito ya mwanamume huanza kukonda. Pia narekodi nusu dakika ya mwendo bila mtu kusema, niitumie kuziba mapengo pale ninapokata maneno.