Si mgonjwa, anabana matumizi

Jana usiku tulikuwa tunatazama filamu ya wanyama wa misitu ya Kosta Rika. Slothi wa vidole vitatu akanyoosha mkono kushika tawi, na mkono ule ukachukua muda mrefu kufika. Mwanangu akaniuliza, “Mama, yule ni mgonjwa?” Nimelala na swali hilo.

Jina lake kwa Kiingereza na kwa Kihispania lina maana ya uvivu, na mimi naona ameonewa. Chakula chake ni majani: magumu, yenye nguvu kidogo, mengine yana sumu. Bakteria wa tumboni huyachachusha polepole mno, na mlo mmoja unaweza kukaa humo siku nyingi, hata wiki kadhaa. Kwa hiyo hawezi kula zaidi ili apate nguvu zaidi, maana tumbo halina nafasi. Kilichobaki ni kupunguza matumizi.

Watafiti waliowapima porini walikuta anatumia takriban kilojuli 162 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mwenye kilo 4 basi hutumia kama kilokalori 155, ambazo pengine hazifiki chapati moja ya mafuta. Misuli yake ni michache, na hagharimii joto la mwili kama sisi. Huliacha lipande na kushuka kwa nyuzi kadhaa kufuata hali ya hewa. Ila baridi ikizidi, bakteria nao hupoa, na anaweza kufa njaa huku tumbo limejaa majani. Hapo nilinyamaza kidogo.

Sasa, mnyama mbahili namna hii, mbona kila baada ya wiki moja hivi anashuka mpaka chini ya mti kwenda haja? Safari hiyo inamla nguvu, na huko chini anakamatwa kirahisi.

Baadhi ya watafiti wanaamini jibu limo kwenye manyoya. Humo wanaishi nondo wadogo. Akishuka, nondo jike hutoka na kutaga mayai kwenye kinyesi kibichi. Viwavi hukulia humo, kisha nondo wapya huruka juu kutafuta slothi. Wanaofia kwenye manyoya huozeshwa na kuvu, na naitrojeni yao hurutubisha mwani unaoota katika nyufa za nywele zinazotunza maji ya mvua. Mwani humpa rangi ya kijani inayomficha, na chembe zake zimekutwa tumboni mwake, kwa hiyo huenda pia anaula. Wengine hawakubali kwamba hiyo ndiyo sababu ya kushuka, lakini mzunguko wa nondo na kinyesi wenyewe haubishaniwi.

Asubuhi, kwenye chai, nimemsimulia mwanangu yote. Akafikiri, akauliza, “Nondo wanajuaje kwamba leo ndiyo siku ya kushuka?”

Hawana haja ya kujua, nikamwambia. Wanakaa humo humo kwenye manyoya, akishuka wameshuka naye.