Nitajie Nyakati Mbili au Tatu

Nilipopangiwa mshauri wa kazi, yeye ndiye aliyenitafuta kwanza. "Karibu sana. Ukipata nafasi nijulishe, tuongee," aliandika. Ukarimu ulikuwemo, lakini kazi yote ilibaki kwangu: siku gani, saa ngapi, kwa muda gani, kwa simu au kwa video? Na yeye ana nafasi lini? Mdogo kazini huona haya kumpangia mkubwa wake saa. Nilijibu, "Asante dada, nitakujulisha," na mazungumzo yakaishia hapo.

Wiki iliyofuata aliandika tena, na safari hii aliandika hivi:

"Mdogo wangu, habari za kazi. Tuongee dakika 30 kwa simu, wiki ijayo kati ya Jumanne na Alhamisi. Nina nafasi saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana, kwa saa za kwako. Nitajie nyakati mbili au tatu zinazokufaa, kwa mstari mmoja tu, mfano: Jumanne saa 5, Alhamisi saa 4. Usiandae chochote. Mwaliko wa kalenda nitautuma mimi. Kama wiki hiyo imebana, andika 'wiki nyingine', inatosha. Nisipokusikia hadi Ijumaa, nitakukumbusha mimi."

Nilimjibu nikiwa bado nimesimama na simu mkononi: "Jumanne saa 5, Jumatano saa 6, Alhamisi saa 4." Nilichotakiwa kukiangalia ni ratiba yangu peke yake, ndani ya dirisha ambalo yeye mwenyewe alikwisha kulifungua. Sikuwa tena na hofu ya kuomba saa ambayo ingemsumbua. Hata namna ya kujibu alikuwa amenionyesha kwa ule mfano, kwa hiyo sikuhangaika kutunga barua ya heshima.

Idadi ile ya mbili au tatu ina sababu yake. Ukiombwa wakati mmoja, na kwa bahati mbaya umeshajaa upande wa pili, mnaanza upya. Ukiombwa tano au sita, unalazimika kuzishikilia zote wazi huku ukingoja jibu, na kila mtu mwingine anayetaka kukutana nawe unamwambia asubiri kwanza. Hapo ndipo washauri wengi wema huharibu mambo bila kujua: wanaomba nyakati, wanatumiwa, kisha wanakaa kimya siku tatu. Mwanagenzi hathubutu kuwakumbusha, wala hathubutu kuzitumia saa zile kwa jambo lingine. Dada alijibu kabla siku haijaisha: "Jumatano saa 6 tumekubaliana. Jumanne na Alhamisi ziachilie." Sentensi hiyo ya pili husahaulika sana, nayo ndiyo inayomrudishia mtu siku zake.

Kuna wanaopenda kutuma kiungo cha kalenda ili mtu ajichagulie. Kwa mshauri mwenye wanagenzi wengi kinafaa kabisa. Kwa mkutano wa kwanza mimi naona kinachosha: unafungua ukurasa, unakuta saa nyingi tupu, unajaza jina na barua pepe, na bado hujui ni zipi zisizomkera mwenye kalenda. Dirisha la siku tatu na mstari mmoja wa kujibu ni vyepesi zaidi.

Tulipomaliza kuongea Jumatano ile, hakuniambia nimtafute. Aliuliza kabla ya kukata simu, "Wakati huuhuu, baada ya wiki mbili, unakufaa?" Nikasema ndiyo, akaweka mkutano unaojirudia. Aliongeza sharti moja: yeyote kati yetu anaweza kuusogeza kwa ujumbe mfupi hadi jioni ya siku iliyotangulia, bila kueleza sababu. Sharti hilo lilinifaa mimi zaidi, maana aliye chini ndiye hujiona analazimika kujitetea.

Jambo la mwisho alilolifanya lilikuwa katika mipangilio ya mwaliko wenyewe. Yeye aliishi katika nchi inayosogeza saa mbele na kuzirudisha nyuma kila mwaka, mimi siyo. Mkutano unaojirudia hufuata ukanda wa saa uliouandikia. Angeuacha kwenye ukanda wake, saa zao zikirudishwa nyuma, simu yetu ya saa 6 ingehamia saa 7 upande wangu, na mimi ndiye ningehangaika kupangua ratiba. Akauandika kwa ukanda wangu. Saa za kwao zilipobadilika, kwangu ilibaki saa 6 mchana, na kwake ikawa saa moja mapema kuliko alivyozoea. Alikuwa amekwisha kuiacha wazi saa hiyo kwenye kalenda yake tangu siku alipotuma mwaliko.